Mrututu, mzani na molekuli ya tano: kupata fomula ya haidreti kwa kupasha

Mwanafunzi akileta jibu la x = 4.2 kwa mrututu, yaani molekuli 4.2 za maji kwa kila CuSO4 moja, hesabu yake mara nyingi iko sawa. Utaipitia mstari kwa mstari na hutaona pa kuweka mkasi. Kosa lilitokea mapema zaidi, pale alipozima moto kwa sababu fuwele za buluu zilikuwa zimeshageuka nyeupe. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa zaidi mezani kuliko kwenye kikokotoo. Kazi yote ya jaribio hili ni kuhakikisha mambo mawili: maji yote ya fuwele yametoka, na kilichotoka ni maji peke yake. Hayo yakitimia, kugawanya ni jambo la dakika mbili.

Nimechagua mrututu, yaani salfeti ya shaba, kwa sababu maabara nyingi za sekondari hapa Kigoma hazikosi kichupa chake, na kwa sababu rangi yake inakusemesha muda wote wa jaribio. Ila utumie ule wa maabara. Dawa za shaba za kuzuia ukungu zinazouzwa maduka ya pembejeo nyingi zina kampaundi nyingine za shaba, na hata ikiwa salfeti imo, imechanganywa na vitu ambavyo vitaharibu jibu bila wewe kujua.

Maji yenyewe yamekaa wapi

Fuwele ya mrututu ni kavu ukiishika. Haiachi unyevu mkononi, lakini zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni maji. Maji hayo ni sehemu ya mpangilio wa fuwele, na chumvi ya namna hii ndiyo inaitwa haidreti. Kila CuSO4 moja ina idadi yake maalumu ya molekuli za H2O. Idadi hiyo ndiyo x katika CuSO4·xH2O, na kwa kuwa ni idadi ya molekuli, kwa kawaida huwa namba nzima.

Molekuli hizo zote hazikushikwa kwa nguvu sawa. Nne zimeshikana na shaba yenyewe, na moja imeshikwa katikati ya salfeti kwa viunga vya haidrojeni. Ukipasha taratibu, nne zinatoka kwa hatua mbili, na zinakuwa zimemalizika joto likifika karibu nyuzi 110. Ya tano inabaki. Haitoki mpaka ufike kama nyuzi 200 au zaidi. Kati ya hapo unachokuwa nacho ni CuSO4·H2O, unga uliopauka ambao kwa jicho la haraka ni mweupe. Huyo mwanafunzi wa 4.2 alisimama kabla hiyo ya tano haijatoka yote.

Upande wa pili kuna mpaka mwingine. Joto likikaribia nyuzi 600, salfeti ya shaba yenyewe inaanza kuvunjika, inatoa gesi za salfa na kuacha oksidi ya shaba iliyo nyeusi. Kwa hiyo nafasi yako ya kufanyia kazi iko juu ya 200 na chini sana ya 600. Hakuna kipimajoto ndani ya krusibo, kwa hiyo utaongozwa na macho, pua na mzani.

Vitu vya kuweka mezani

Unahitaji krusibo ya kauri na mfuniko wake, pembetatu ya udongo ya kuikalisha juu ya tripodi, koleo la krusibo, kichomeo chenye mwali wa buluu, na mzani unaosoma mpaka gramu 0.01. Mzani wa gramu 0.1 haufai hapa, na nitaonyesha sababu kwa namba baadaye. Tafuta pia deskiketa, chombo kinachofungwa cha kupozea vitu kwenye hewa kavu. Kama hamna, chupa kubwa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana inatosha: weka chini kloridi ya kalisi kavu, juu yake kigae safi au wavu wa kukalishia krusibo.

Kuhusu moto, shule nyingi zinatumia kichomeo juu ya mtungi mdogo wa gesi, na hicho ni kizuri. Taa ya spiriti inaweza, ila itachukua muda mrefu. Jiko la mafuta ya taa na jiko la mkaa naviogopa kwa jaribio hili, kwa sababu masizi na majivu yanaganda kwenye kitako cha krusibo na kuongeza uzito. Sentigramu mbili za masizi huzioni kwa macho, lakini mzani utazihesabu kama chumvi iliyobaki. Hata kwa gesi, ukiona mwali una njano, fungua tundu la hewa mpaka uwe buluu.

Krusibo tupu na mfuniko wake vipashwe kwanza kwa dakika tano hivi, vipoe, ndipo vipimwe. Kauri iliyokaa kabatini inashika unyevu, na hasa huku kando ya ziwa wakati wa mvua. Unyevu huo ukiuacha, utatoka baadaye pamoja na maji ya mrututu na utadhani ni wa fuwele. Baada ya hapo usiishike krusibo kwa vidole mpaka jaribio liishe. Tumia koleo.

Unyevu wa nje uondoke kwanza

Hatua hii inarukwa kuliko zote. Fuwele zilizotoka kwenye chupa ambayo kifuniko chake kimelegea zinaweza kuwa na maji juu ya uso wake, maji ya kawaida tu kama ya nguo mbichi. Hayo si ya fuwele na hayamo kwenye fomula. Zisage kidogo kwenye kinu cha maabara mpaka ziwe chembe za ukubwa wa sukari, zitandaze katikati ya karatasi mbili za kuchujia, ubonyeze, ubadilishe karatasi, ubonyeze tena. Chembe zikianza kumwagika zenyewe bila kushikana, zimekuwa tayari.

Usizianike juani juu ya bati, wala usiziweke kwenye oveni. Bati la mchana linaweza kupata joto la kutosha kuanza kuondoa maji ya fuwele yenyewe, na hapo utakuwa umeanza jaribio kabla hujapima.

Kusaga kuna faida nyingine. Fuwele kubwa ikipashwa, mvuke wa ndani unaipasua na vipande vinaruka nje. Kila kipande kinachoruka kitahesabiwa kuwa ni maji.

Kupasha

Weka kama gramu tatu za mrututu kwenye krusibo, funika, pima, andika. Kisha ikalishe kwenye pembetatu, mfuniko ukae upande kidogo ili mvuke upate pa kutokea.

Dakika tano za mwanzo ziwe za moto mdogo, na kichomeo ukishike mkononi, ukipitisha mwali chini ya krusibo na kuuondoa. Buluu itaanza kupauka pembeni, kule kauri ilikopata joto kwanza, kisha kupauka huko kutasogea katikati. Ukisikia kutatarika, punguza moto. Mvuke ukishapungua, weka kichomeo chini ya krusibo na uongeze moto kiasi, uache kwa dakika kumi.

Hapo ndipo utasikia: "Mwalimu, imeshakuwa nyeupe, tuzime?" Jibu ni bado. Inua mfuniko kwa koleo, uutazame unga karibu. Kama katikati au chini una ubuluu hafifu, au umepauka kama ukungu wa kijani uliochujuka, molekuli ya tano haijatoka. Kama ni mweupe kabisa, pengine imetoka, lakini hata hapo rangi haitoshi kuwa ushahidi. Jicho haliwezi kutofautisha unga usio na maji kabisa na ule wenye chembe chache zilizobaki nayo. Mzani unaweza.

Wakati huohuo tazama dalili za upande wa pili. Unga ukianza kuwa na madoa ya kijivu au kahawia kwenye ukingo wa chini, punguza moto mara moja. Ukisikia harufu kali inayokaba koo kama kiberiti kilichowashwa, salfeti inavunjika: zima, fungua madirisha, ondoa wanafunzi karibu na meza. Kitako cha krusibo kisifike kuwa chekundu hata kidogo. Wekundu ule wa kwanza unaouona kwenye kauri gizani tayari uko jirani na joto la kuvunja mrututu.

Kupoza na kupima

Krusibo ya moto haipimwi. Hewa inayoizunguka inapata joto na kupanda, inainua sahani ya mzani kidogo, na unasoma uzito pungufu. Isitoshe, mizani ya elektroniki inaharibika. Lakini pia krusibo haiachwi ipoe mezani, kwa sababu unga mweupe wa salfeti ya shaba unavuta maji kutoka hewani kwa uchu mkubwa. Kwa hiyo inapoea ndani ya deskiketa, ikiwa imefunikwa. Ipe dakika kumi na tano. Ukisogeza mgongo wa mkono karibu nayo usihisi joto, itoe, iweke kwenye mzani na usome haraka.

Kwa Kigoma mjini wakati wa mvua utaliona jambo hili kwa macho yako. Iache krusibo wazi kwenye mzani na utazame tarakimu ya mwisho: 26.21, baada ya muda 26.22, kisha 26.23. Mzani hauna hitilafu. Unga unakunywa unyevu wa hewa, na ukisubiri zaidi utaona ukingo wake ukirudia ubuluu. Soma namba ya kwanza iliyotulia, wala usisubiri "itulie vizuri zaidi". Tabora wakati wa kiangazi hewa ni kavu zaidi na tatizo hili linapungua, lakini halitoweki.

Mpaka uzito usibadilike

Baada ya kupima mara ya kwanza, rudisha krusibo kwenye moto kwa dakika tano, poza, pima. Rudia. Unaacha pale vipimo viwili vinavyofuatana vinapokuwa sawa au vinapopishana kwa gramu 0.01 tu. Hiyo ndiyo alama pekee ya kweli kwamba maji yameisha. Hizi hapa namba za mfano wa kufanyia kazi, za aina utakayoipata ukifuata hatua hizi:

Krusibo tupu na mfuniko: 24.37 g
Pamoja na mrututu: 27.23 g
Baada ya kupasha mara ya kwanza: 26.31 g
Baada ya mara ya pili: 26.22 g
Baada ya mara ya tatu: 26.21 g

Kati ya kipimo cha kwanza na cha pili uzito umepungua kwa 0.09 g. Kulikuwa na maji bado, ingawa unga ulionekana mweupe. Kati ya cha pili na cha tatu tofauti ni 0.01 g, ambayo ni ukomo wa mzani wenyewe. Tunasimama hapo na kutumia 26.21.

Kama uzito unaendelea kushuka kila unapopasha, mara ya nne, mara ya tano, bila kutulia, hayo si maji tena. Inua mfuniko utafute kijivu.

Hesabu

Maji yaliyotoka ni uzito wa kabla ya moto kutoa uzito wa mwisho: 27.23 − 26.21 = 1.02 g. Chumvi kavu iliyobaki ni uzito wa mwisho kutoa krusibo tupu: 26.21 − 24.37 = 1.84 g. Jumlisha mbili hizo uone kama zinarudi kwenye uzito wa mrututu ulioanza nao, 27.23 − 24.37 = 2.86 g. Zinarudi. Kama hazirudi, umetoa vibaya mahali fulani, usiendelee.

Sasa geuza gramu ziwe moli, kwa sababu fomula inahesabu molekuli na si gramu. Moli moja ya maji ina gramu 18. Moli moja ya CuSO4 isiyo na maji ina 63.5 ya shaba, 32 ya salfa na 64 ya oksijeni nne, jumla gramu 159.5.

Moli za maji: 1.02 ÷ 18 = 0.0567
Moli za CuSO4: 1.84 ÷ 159.5 = 0.01154
x = 0.0567 ÷ 0.01154 = 4.91

Kosa linalojirudia kwenye mistari hii ni kugawanya 1.84 kwa 249.5, uzito wa moli ya mrututu wenye maji. Lakini kilichobaki kwenye krusibo hakina maji tena. Na ukifikiri vizuri, anayetumia 249.5 ameshalitumia jibu kabla ya kulitafuta, kwani namba hiyo imetokana na kujua kwamba x ni 5.

Kosa lingine ni kukadiria mapema. Mtu anaandika 0.06 na 0.01, anapata 6, na gharama yote ya kupasha imepotea. Acha tarakimu nne hadi mwisho.

Basi 4.91 ni 5, na fomula ni CuSO4·5H2O. Lakini kwa haki gani tunaipeleka 4.91 kwenye 5? Tuangalie.

Jibu lisilo namba nzima linakuambia nini

Mzani wetu unaweza kukosea kwa gramu 0.01. Tuseme uzito wa mwisho wa kweli ulikuwa 26.20 badala ya 26.21. Maji yangekuwa 1.03 g na chumvi 1.83 g, na x ingekuwa 4.99. Kwa hiyo sentigramu moja inasogeza jibu kwa karibu 0.08. Tofauti ya 4.91 na 5 inakaribiana na mpaka huo, na kukadiria kuwa 5 ni halali.

Sasa fikiria mwanafunzi aliyebana matumizi na kupima gramu 0.50 tu za mrututu. Maji yake yangekuwa 0.18 g na chumvi 0.32 g, x karibu 4.98. Akikosea sentigramu ileile moja, maji 0.17 na chumvi 0.33, anapata 4.56. Mzani ni uleule, kosa ni lilelile, lakini jibu limeanguka katikati ya namba mbili na hawezi kuchagua kwa haki. Ndiyo sababu tulianza na gramu tatu, na ndiyo sababu mzani wa gramu 0.1 hauwezi kufanya kazi hii kwa kiasi kidogo namna hiyo. Usipime nyingi mno pia: unga mzito unachelewa kupata joto katikati, na chini unaweza kuungua juu bado pakiwa na ubuluu.

Rudi kwa yule wa 4.2. Chukua namba zetu usimame kwenye kipimo cha kwanza, 26.31. Maji ni 0.92 g, chumvi ni 1.94 g. Gawanya: 0.0511 kwa 0.01216, x = 4.20. Ataandika CuSO4·4H2O kwa moyo mkunjufu. Jibu lililo chini kwa kiasi hiki linaelekeza mahali pamoja zaidi ya pengine: kupasha hakukutosha, au unga ulirudia kunywa maji kabla ya kupimwa.

Na aliyeacha moto ukawa mkali? Tuseme krusibo ilifika 26.12 g. Sehemu moja tu kati ya kumi ya salfeti ndiyo iliyovunjika, na gesi ya salfa ikaondoka na gramu 0.09. Kwenye daftari maji yanaonekana kuwa 1.11 g na chumvi 1.75 g, x = 5.62, na atakadiria kuwa 6. Tazama jinsi uharibifu mdogo unavyobadilisha fomula nzima. Dalili zipo, yaani kijivu ndani ya krusibo, harufu, uzito usiotulia, lakini asiyezitafuta hataziona kwenye namba peke yake.

Jibu la juu lina sababu nyingine ambayo haina kijivu wala harufu: unyevu wa nje. Kama katika zile gramu 2.86 kulikuwa na gramu 0.10 za maji ya juu juu, x inatoka 5.5. Uzito utatulia vizuri, unga utakuwa mweupe safi, kila kitu kitaonekana sawa. Ukipata hivyo, chukua mrututu mwingine kutoka chupa ileile, uukaushe kwa karatasi, urudie. Jibu likishuka kuelekea 5, umeshajua chanzo.

Ndiyo maana naomba kundi zima liandike x zao ubaoni bila kukadiria. Meza tano zikipata 4.91, 5.03, 4.88, 5.06 na 4.20, hakuna anayehitaji kuambiwa ni meza ipi irudi kwenye moto.

Jaribu chumvi ya Uvinza

Kwa wale wa mkoa huu kuna jaribio la pembeni ambalo linafundisha tofauti ya unyevu na maji ya fuwele kuliko maelezo yoyote. Chukua chumvi ya mawe ya Uvinza, ile inayotokana na maji ya chumvi ya chemchemi za kule karibu na mto Malagarasi. Ipashe kwa hatua zilezile, ikiwa imefunikwa vizuri. Itatatarika kwa kelele, kwa sababu chembe zake zimefungia matone ya maji ndani yake, na matone hayo yakigeuka mvuke yanazipasua. Uzito utapungua.

Je, chumvi ya kula basi ni haidreti? Fanya hesabu. Gramu 2.00 zikipungua kwa 0.06, maji ni moli 0.0033, na NaCl iliyobaki, gramu 1.94 kwa 58.5, ni moli 0.0332. Uwiano ni 0.10, molekuli moja ya maji kwa NaCl kumi. Chukua konzi nyingine kutoka mfuko mwingine, utapata uwiano mwingine tena. Maji ya fuwele hayabadiliki hivyo kutoka mfuko hadi mfuko. Uwiano mdogo, usio namba nzima na unaoyumba kila ukirudia, ni maji yaliyonaswa au unyevu, na hayana nafasi kwenye fomula.

Chumvi nyingine kwa njia hiihii

Salfeti ya magnesi, ambayo famasi zinaiuza kama chumvi ya Epsom, inafaa sana, ila imekunyima rangi. Kabla ni nyeupe, baada ni nyeupe. Gramu 2.46 zinapaswa kutoa maji gramu 1.26 na kuacha MgSO4 gramu 1.20, ambayo kwa 120 ni moli 0.0100. Moli 0.0700 kwa 0.0100 ni 7. Lakini molekuli yake ya mwisho ni mkaidi kuliko ile ya mrututu, na inataka zaidi ya nyuzi 250. Ikibaki yote, maji yaliyotoka yatakuwa gramu 1.08 tu, kilichobaki gramu 1.38, na x itasoma 5.2. Nafuu yake ni kwamba salfeti ya magnesi inavumilia moto mkali bila kuvunjika, kwa hiyo hapa unaweza kuacha kitako cha krusibo kiwe chekundu kwa dakika kumi na tano. Uzito usiobadilika ndio shahidi pekee uliye naye.

Magadi ya kufulia yenye fuwele, Na2CO3·10H2O, yana ugumu wa aina nyingine. Yakiachwa wazi kwenye hewa kavu, fuwele zake zinapoteza maji zenyewe na kufunikwa na unga mweupe, na kiangazi cha Tabora kinaifanya kazi hiyo haraka. Chupa iliyokaa wazi haina tena maji kumi kwa kila Na2CO3, na jaribio lako litatoa namba ndogo ambayo ni ya kweli kwa chupa ile. Tumia fuwele ng'avu tu, zisizo na unga juu. Zikipashwa zinayeyuka kwanza ndani ya maji yake zenyewe, karibu nyuzi 34, kisha zinachemka na kurusha matone. Anza na moto mdogo sana.

Kloridi ya magnesi usiitumie kabisa kwa njia hii. Ikipata moto, maji yake yanashambulia chumvi yenyewe na kutoa gesi ya HCl, kwa hiyo uzito unaopungua si maji peke yake. Salfeti ya chuma ya kijani nayo inaharibika kirahisi: moto ukizidi kidogo inageuka nyekundu ya kutu na kutoa gesi za salfa. Kabla ya kuweka chumvi yoyote kwenye krusibo, jiulize kwanza kama kavu yake inavumilia joto linalohitajika kuitoa maji ya mwisho. Kama haivumilii, hakuna hesabu itakayookoa jaribio.

Unga mweupe wa mrututu uliobaki usitupwe kwenye sinki, maana shaba ni sumu kwa samaki na maji yetu mwisho wake ni ziwani. Ukishapima mara ya mwisho, dondoshea tone moja la maji uwaonyeshe wanafunzi buluu ikirudi na krusibo ikipata joto, au uhifadhi kwenye kichupa kilichofungwa kabisa kwa ajili ya kupima kama kimiminika kina maji. Ule uliolowa unarudishwa kuwa fuwele kwa kuuyeyusha kwenye maji ya moto na kuuacha upoe taratibu, na muhula ujao uko tayari kwa krusibo tena.